Safu ya Silika: Jinsi Zao Linavyotengwa na Uchafu Wake

Mmenyuko wa kikemia ukimalizika, ni nadra chupa kuwa na kitu kimoja tu ndani yake. Pamoja na zao linalotakiwa hubaki malighafi ambayo haikumenyuka, na mara nyingi huwamo vitu vingine viwili au vitatu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Katika maabara za kemia ogania, njia ya kawaida ya kulitoa zao hilo likiwa safi ni kuupitisha mchanganyiko wote katika bomba la kioo lililojazwa unga mweupe wa silika, huku kiyeyushi kikisukumwa kutoka juu kwa shinikizo la hewa. Njia hiyo huitwa kromatografia ya haraka ya safu.

Kromatografia yenyewe ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, pale Mrusi Mikhail Tsvet alipotenganisha rangi za majani ya mimea kwa kuzipitisha katika bomba lililojaa unga wa chokaa. Kwa miongo mingi iliyofuata kiyeyushi kiliachwa kishuke kwa uzito wake chenyewe, na kazi moja iliweza kula siku nzima. Mwaka 1978, W. Clark Still, Michael Kahn na Abhijit Mitra wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha makala fupi iliyobadilisha mazoea hayo. Walitumia silika ya chembe ndogo zaidi, zenye upana wa mikroni 40 hadi 63, wakakisukuma kiyeyushi kwa hewa, na wakaonyesha kwamba mchanganyiko wa kawaida huweza kutenganishwa kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Vipimo walivyovitoa vinafuatwa hadi leo.

Kwa nini vitu hutengana

Uso wa chembe ya silika umejaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni vilivyo tayari kushikamana na molekuli zinazopita. Molekuli yenye kikundi cha alkoholi, ambacho nacho ni oksijeni na hidrojeni, hunatia kwa nguvu. Yenye oksijeni ya aldehaidi hunatia kiasi. Iliyojengwa kwa kaboni na hidrojeni pekee haina cha kushikia, hivyo hupita karibu bila kusimama.

Hali hiyo inafanana na watu wanaokatiza soko lenye msongamano. Wote wanatembea kwa mwendo mmoja, lakini mmoja anasimama kila meza kusalimia na kuuliza bei, mwingine anasimama meza chache, na wa tatu hana anayemjua. Wakifika lango la pili, wamekwisha kuachana. Kadhalika ndani ya safu: kila molekuli ikiwa ndani ya kiyeyushi husafiri kwa kasi ya kiyeyushi, na ikinatia kwenye silika haisogei. Tofauti iko katika muda ambao kila moja inautumia ikiwa imesimama.

Kiyeyushi nacho kina sehemu yake katika shughuli hiyo. Heksani, ambayo ni kaboni na hidrojeni tupu, haiwezi kushindania nafasi kwenye silika. Ethili asetati, kiyeyushi chenye harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ina oksijeni mbili na hunatia yenyewe, hivyo huwabandua walionata. Kadiri ethili asetati inavyoongezwa katika heksani, ndivyo vitu vyote vinavyoshuka kwa kasi zaidi. Mchanganyiko wenye ethili asetati nyingi huitwa mkali, na wenye kidogo huitwa dhaifu.

Mfano wa kufuatwa: benzhidroli

Benzhidroli ni alkoholi yenye pete mbili za benzini. Ni fuwele nyeupe zinazoyeyuka kati ya sentigredi 65 na 67, na umbo lake ndilo msingi wa difenihidramini, dawa ya mzio inayopatikana pia katika baadhi ya sharubati za kikohozi. Mojawapo ya njia za kuitengeneza ni mmenyuko wa Grignard: bromobenzini humenyushwa na magnesiamu ndani ya etha kavu, kisha benzaldehaidi huongezwa tone kwa tone. Mmenyuko huzimwa kwa maji yenye kloridi ya amonia, tabaka la etha hutengwa na kukaushwa, na etha huvukizwa.

Tuseme kazi ilianza na gramu 0.53 za benzaldehaidi. Kama kila molekuli ingegeuka, zao lingekuwa gramu 0.92. Kinachobaki chupani ni takriban gramu moja ya kitu chenye rangi ya manjano hafifu, kinachonata na kunuka lozi. Harufu hiyo ni ya benzaldehaidi iliyobaki. Ndani yake imo pia bifenili, ambayo hutokea pete mbili za benzini zinapoungana zenyewe wakati kitendanishi cha Grignard kinatengenezwa. Na kuna mgeni wa nne, alkoholi ya benzili, ambayo huzaliwa kwa kiasi kidogo pale benzaldehaidi iliyozidi inapoichukulia hidrojeni benzhidroli iliyokwisha kuundwa.

Bamba kwanza, bomba baadaye

Mafanikio ya safu huamuliwa kabla silika haijapimwa. Kipimo cha awali hufanywa kwenye bamba dogo lililopakwa silika. Tone la mchanganyiko huwekwa karibu na ukingo wa chini, bamba husimamishwa ndani ya chombo chenye kiyeyushi kidogo, na kiyeyushi hupanda chenyewe kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Umbali doa lilipopanda, ukigawanywa kwa umbali kiyeyushi kilipopanda, hutoa namba iitwayo Rf. Doa lililobaki pale lilipowekwa lina Rf ya 0, na lililopanda sawa na kiyeyushi lina Rf ya 1.

Katika mchanganyiko wa heksani sehemu nne na ethili asetati sehemu moja, bifenili hupanda hadi karibu 0.8, benzaldehaidi karibu 0.55, benzhidroli karibu 0.3, na alkoholi ya benzili chini yake kidogo. Still na wenzake walipendekeza kiyeyushi kinacholipa zao Rf ya karibu 0.35, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Ujazo wa kiyeyushi unaohitajika kukitoa kitu nje ya safu ni kama ujazo wa kiyeyushi unaokaa ndani ya safu, ukigawanywa kwa Rf. Kitu cha Rf 0.33 hutoka baada ya safu kujazwa upya mara tatu. Cha Rf 0.1 huhitaji mara 10, na njiani hutawanyika kama wino ndani ya maji. Cha Rf 0.8 hutoka mara moja pamoja na kila kisichonatia, bila nafasi ya kutengana na yeyote.

Bamba linafichua pia hatari nyingine. Silika ina tindikali kidogo, na baadhi ya vitu huvunjika vikiigusa kwa muda. Jaribio lake ni kutumia bamba la mraba: doa huwekwa kwenye kona, bamba hupandishwa upande mmoja, hukaushwa na kuachwa kwa saa moja, kisha hugeuzwa robo duara na kupandishwa tena. Kama kila kitu ni imara, madoa yote yatakuwa juu ya mshazari mmoja. Doa lililo nje ya mshazari huo ni mabaki ya kitu kilichovunjika. Tiba ya kawaida kwa vitu hivyo ni kuongeza asilimia moja ya triethilamini katika kiyeyushi. Benzhidroli haina shida hiyo.

Kuijaza safu

Kwa gramu moja ya mchanganyiko ambamo zao na uchafu wake mkubwa vimeachana kwa Rf ya 0.2 au zaidi, bomba lenye kipenyo cha milimita 30 linatosha. Silika hujazwa hadi kimo cha sentimita 15, na hiyo ni takriban gramu 50. Vitu vingekuwa vimekaribiana zaidi, silika hiyo hiyo ingeweza kubeba chini ya nusu ya mzigo huo.

Chini kabisa, juu ya koki, huwekwa kijipande cha pamba na tabaka jembamba la mchanga ili unga usipenye. Silika huchanganywa na kiyeyushi dhaifu cha kuanzia, hapa heksani yenye asilimia 5 ya ethili asetati, hadi iwe kama uji mwepesi. Uji humiminwa kwa mkupuo mmoja, na ubavu wa bomba hugongwagongwa taratibu kwa kipande cha mpira ili mapovu yapande na chembe zikae sawa. Hewa husukuma kiyeyushi hadi unga ushikamane. Uso wa juu hufunikwa kwa nusu sentimita ya mchanga, ili kiyeyushi kikimiminwa kisiuchimbe.

Kazi hiyo hufanywa ndani ya kabati la kuvuta hewa. Unga mkavu wa silika huelea hewani kama moshi na haufai kuingia mapafuni, na mvuke wa heksani hushika moto upesi. Hewa ya kusukumia nayo iwe ya wastani, kwa sababu bomba la kioo si chombo cha shinikizo kubwa.

Kanuni moja haina ruhusa ya kuvunjwa: kiyeyushi kisishuke kamwe chini ya uso wa silika. Safu ikikauka, hewa huingia, unga hujikunja na kupasuka, na ufa huonekana ubavuni kama ardhi ya mfinyanzi wakati wa kiangazi. Kiyeyushi kitakachofuata kitapita ndani ya ufa huo, na mchanganyiko utashuka nacho bila kuigusa silika.

Kupakia: mkanda mwembamba

Kupakia ni kuuweka mchanganyiko juu ya safu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Safu haiwezi kukifanya kitu kiwe chembamba kuliko kilivyoanza. Mchanganyiko ukiwekwa kama mkanda wa milimita tano, zao litatoka limeenea katika neli chache. Ukiwekwa kama mkanda wa sentimita nne, vichwa vya waliochelewa vitakuwa vimepita mikia ya waliotangulia tangu mwanzo.

Njia ya kwanza ni kupakia kimiminika. Mchanganyiko huyeyushwa katika kiasi kidogo iwezekanavyo cha kiyeyushi, mililita mbili au tatu kwa gramu moja, na kudondoshwa kwa pipeti ikizungushwa ukutani, karibu na uso wa mchanga. Koki hufunguliwa mpaka kimiminika kizame hadi usawa wa silika, kisha hufungwa. Chupa husuuzwa kwa mililita moja, maji ya suuzo hayo ya kiyeyushi hudondoshwa na kuzamishwa vilevile, na hilo hurudiwa mara mbili. Baada ya hapo tu ndipo bomba hujazwa kiyeyushi.

Tatizo ni kwamba vitu vingi haviyeyuki katika kiyeyushi dhaifu. Benzhidroli huyeyuka kwa shida katika heksani baridi, na mtu hushawishika kuiyeyusha katika dikloromethani au ethili asetati tupu. Lakini kiyeyushi hicho kikali, kikiingia safuni, hubeba kila kitu kwa sentimita kadhaa kabla silika haijaanza kuchagua. Mkanda huanza ukiwa umekwisha kupanuka.

Kwa hiyo kwa benzhidroli inafaa njia ya pili, kupakia kikavu. Gramu moja ya mchanganyiko huyeyushwa katika dikloromethani ya kutosha, bila ubahili, na gramu mbili au tatu za silika huongezwa. Kiyeyushi huvukizwa kwa mashine ya kuvukizia hadi unga ubaki mkavu na utiririke kama chumvi nzuri. Ukiganda kwa mabonge au ukinata ukutani mwa chupa, bado una kiyeyushi, au silika ni kidogo mno. Uvukizaji huo huanza taratibu, na kipande cha pamba huwekwa kwenye shingo ya chupa, kwani unga ukikauka huruka na kuingia ndani ya mashine, na zao huondoka nao. Unga mkavu humiminwa juu ya safu yenye kiyeyushi cha sentimita mbili juu ya silika, husawazishwa, kisha hufunikwa kwa mchanga. Sasa mchanganyiko wote umekaa katika tabaka moja jembamba, na hausogei mpaka kiyeyushi kiufikie.

Kukiongezea kiyeyushi ukali

Katika mchanganyiko huu vitu viko mbalimbali kwenye ngazi ya unatifu. Kiyeyushi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho kingefaa kwa zao lakini kingewasukuma bifenili na benzaldehaidi nje wakikanyagana. Kiyeyushi dhaifu cha kuwatenganisha hao wawili kingeiacha benzhidroli ikijikokota kwa lita kadhaa. Suluhisho ni kuanza na kiyeyushi dhaifu na kukiongezea ukali kwa hatua.

Mpango wake ni huu: mililita 200 za heksani yenye asilimia 5 ya ethili asetati, kisha mililita 300 zenye asilimia 10, kisha mililita 400 zenye asilimia 20, ambao ndio ule mchanganyiko wa nne kwa moja ulioipa benzhidroli Rf ya 0.3. Hewa hurekebishwa ili usawa wa kiyeyushi bombani ushuke sentimita tano kwa dakika. Kwa bomba la kipenyo hiki, hizo ni takriban mililita 35, hivyo neli ya mililita 20 hujaa kwa muda wa nusu dakika na ushei. Mwendo ukiwa wa kasi kupita hapo, molekuli hazipati nafasi ya kunata na kubanduka. Ukiwa wa polepole mno, mikanda hutawanyika yenyewe.

Ndani ya safu hii hukaa takriban mililita 75 za kiyeyushi. Neli tatu za kwanza, kwa hiyo, hubeba kiyeyushi kilichokuwamo kabla ya kupakia, na hazina kitu. Bifenili, ambayo haina cha kushikia, huanza kutoka kwenye neli ya 5 na kwisha kwenye ya 8. Benzaldehaidi hutoka karibu na neli ya 11 hadi ya 15. Wakati huo benzhidroli haijafika hata nusu ya njia.

Hatua ya asilimia 10 huonekana kama kupoteza muda, kwa kuwa neli baada ya neli hutoka tupu. Hata hivyo ndiyo inayoiteremsha benzhidroli taratibu hadi karibu robo tatu ya safu, huku alkoholi ya benzili ikiachwa nyuma kidogo kidogo. Asilimia 20 ikiingia, benzhidroli huharakishwa na kutoka katika mkanda mwembamba, kilele chake kikiwa kwenye neli ya 31 na ya 32. Ukali ulioongezwa kabla ya wakati ungewatoa wote wawili pamoja.

Hatua zisirukwe kwa pupa. Ethili asetati ikinatia kwenye silika hutoa joto, na kuruka ghafla kutoka heksani hadi kiyeyushi kikali huweza kuipasha safu hadi mapovu na nyufa zitokee. Kwenda kutoka asilimia 5 hadi 10 na kutoka 10 hadi 20 hakuna shida. Kiyeyushi kipya humiminwa pale cha zamani kinapokaribia mchanga, kabla hakijaufikia.

Pale ambapo zao limechelewa kuliko hesabu, chanzo chaweza kuwa ethili asetati iliyovukizwa nje ya chupa iliyoachwa wazi. Likiwahi, huenda mchanganyiko ulipimwa kwa macho. Hakuna haja ya kubahatisha: bamba linaweza kupandishwa wakati safu ikiendelea, na hatua inayofuata ikaamuliwa kwa kuliangalia.

Kuyasoma na kuyaunganisha mafungu

Kila neli ni fungu, na neli zote 45 huonekana sawa: kiyeyushi kisicho na rangi. Ili kujua kilichomo, tone kutoka kila neli huwekwa kwenye bamba, tano au sita kwa bamba moja, zikiwa na tone la mchanganyiko wa awali pembeni kama kielelezo. Mabamba hupandishwa katika kiyeyushi cha nne kwa moja, kisha hutazamwa chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254. Bamba hung'aa kijani, na kitu kinachofyonza mwanga huo huonekana kama doa jeusi.

Hapa macho hudanganywa kwa urahisi. Bifenili na benzaldehaidi hufyonza mwanga wa urefu huo kwa nguvu nyingi, na chembe yake tu hutoa doa jeusi tii. Benzhidroli na alkoholi ya benzili hufyonza kidogo mno, hivyo neli iliyojaa zao huweza kutoa doa hafifu kuliko neli yenye uchafu kiduchu. Weusi wa doa hausemi uzito. Kwa sababu hiyo bamba huchovywa pia katika mmumunyo wa pamanganeti ya potasiamu na kupashwa moto: alkoholi huoksidishwa na kuacha doa la manjano au kahawia juu ya zambarau, na vilivyojificha chini ya taa hujitokeza.

Mabamba ya safu hii husomeka hivi. Neli ya 29 hadi ya 33 zina doa moja tu, sawa kwa kimo na benzhidroli ya kielelezo. Neli ya 34 na ya 35 zina doa hilo na jingine chini yake. Kuanzia ya 36 hadi ya 38 limebaki la chini peke yake, na hilo ni alkoholi ya benzili. Swali ni mstari ukatwe wapi.

Neli za pembeni huchunguzwa kwa ukali zaidi kuliko za katikati. Tone moja la neli ya 33 huenda likaonyesha usafi kwa sababu uchafu ni mdogo mno kuonekana. Huwekwa matone manne au matano mahali pamoja, yakikaushwa kila mara, na bamba hupandishwa upya. Doa la pili likikosekana hata hapo, neli hiyo huunganishwa na zilizo safi. Likijitokeza, hukaa upande wa zilizochanganyika.

Mafungu huunganishwa katika makundi matatu. Neli ya 29 hadi ya 33 huingia chupa moja iliyopimwa uzito ikiwa tupu. Neli ya 34 na ya 35 huingia chupa ya pili na kuhifadhiwa, kwa kuwa zaweza kurudiwa katika safu ndogo au kuachwa ikiwa zilizomo hazistahili. Zilizosalia hutunzwa hadi hesabu ya uzito ikamilike. Tabia ya kumwaga neli "tupu" mapema imewakosesha wengi zao lililochelewa kutoka.

Kiyeyushi kikivukizwa kutoka chupa ya kwanza, mafuta angavu hubaki, na yakipoa huganda kuwa fuwele nyeupe. Chupa huwekwa chini ya pampu ya ombwe kwa saa chache, kwani ethili asetati hujificha ndani ya fuwele na kuongeza uzito usio wa kweli. Mzani ukisoma gramu 0.72, hayo ni mavuno ya asilimia 78. Chupa ya pili ina gramu 0.05. Kuijumlisha kungeyapandisha mavuno hadi asilimia 84 kwenye karatasi, lakini fuwele zingeanza kuyeyuka chini ya sentigredi 65 na kuendelea kwa nyuzi kadhaa, na kila anayezitumia baadaye angekutana na alkoholi ya benzili asiyoitarajia. Fuwele safi huyeyuka kati ya 65 na 67, katika nafasi finyu.

Safu inapogoma

Makosa mengi hujitambulisha kwa sura yake. Kama kitu chenye rangi kinashuka kwa mshazari, upande mmoja ukitangulia mwingine, basi uso wa silika haukuwa sawa au bomba halikusimama wima. Zao likivuta mkia mrefu, limo katika neli 15 badala ya tano, basi mzigo ulizidi, au lina kikundi cha asidi au amini kinachong'ang'ania silika. Kwa asidi huongezwa asidi ya asetiki kidogo katika kiyeyushi, na kwa amini huongezwa triethilamini.

Jumla ya uzito nayo ni shahidi. Gramu moja ikiingia, na makundi yote yakitoa gramu 0.6 tu, basi kitu kimebaki juu au kimevunjika. Safu husafishwa kwa ethili asetati tupu, kisha kwa ethili asetati yenye asilimia 10 ya methanoli, na kinachotoka hupimwa. Kama hicho nacho hakitoshi, jaribio la bamba la mraba lilipaswa kufanywa mapema.

Ipo pia mipaka ambayo ustadi hauiondoi. Gramu 0.72 za benzhidroli zimegharimu karibu lita moja ya kiyeyushi na gramu 50 za silika isiyotumika tena. Kwa gramu 50 za mchanganyiko, hesabu hiyo ingekuwa mzigo usiobebeka, na benzhidroli ingesafishwa kwa kuangazwa upya kuwa fuwele kutoka heksani ya moto. Vitu viwili vilivyopishana kwa Rf ya chini ya 0.05 navyo haviachani katika sentimita 15 za silika, hata kiyeyushi kipandishwe taratibu kiasi gani. Huko huhitajika kiyeyushi cha aina nyingine, au mashine ya shinikizo kubwa yenye chembe ndogo zaidi. Mashine za kisasa zinazochanganya kiyeyushi na kubadili neli zenyewe hufuata hatua zile zile, na bamba ndilo linaloziongoza. Nazo pia humwachia mkemia uamuzi wa neli ipi iingie chupa ya kwanza na ipi iwekwe kando.